Sura ya Saba: Chupa Iliyofika Soyo

Mvuvi anatega nyavu, anavuta, anakuta chupa, ndani mna karatasi. Hadithi hii ni ya zamani na haina jipya, lakini kwa anayejifunza Kireno ina faida ambayo hadithi za kusisimua zaidi hazina. Inaanza kwa kumzungumzia mtu wa tatu: mvuvi yule, anaishi pale, mtumbwi wake uko hivi. Karatasi ikishafunguliwa, anayesema ni mtu wa kwanza: mimi ni fulani, ninaishi mahali fulani. Barua ikijibiwa, anaingia mtu wa pili: chupa yako iko hapa. Kwa hiyo msomaji anapita kwa "yeye", "mimi" na "wewe" bila kutazama jedwali la vitenzi hata moja, na anapita kwa sababu hadithi yenyewe inataka hivyo. Kazi ya chupa katika hadithi hii ndiyo hiyo, kukivusha kitenzi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine.

Katika sura hii tutaisoma hadithi nzima. Ina maneno 149 na yote yako katika wakati uliopo. Nimeiandika kwa ajili ya wasomaji wa Izia na mitaa mingine ya Sumbawanga, kwa hiyo chupa yenyewe inatoka upande wetu.

Kwa nini Soyo

Jirani yetu anayezungumza Kireno ni Msumbiji, na ingekuwa rahisi kumweka mvuvi wetu Pemba au Nacala. Lakini maji ya Ufipa hayaendi huko. Uwanda wetu uko katikati ya maziwa mawili. Upande wa mashariki, chini ya magenge, liko Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka. Chupa ikitupwa humo itazunguka humo humo mpaka ikwame kwenye matope. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, na hilo lina mlango mmoja wa kutokea, nao ni mto Lukuga, unaoanzia Kalemie upande wa Kongo.

Tuifuate chupa. Inatupwa Kasanga, kusini kabisa mwa ziwa. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, kwa hiyo msimu huo chupa ina nafasi ya kupanda. Ikibahatika kufika Kalemie, inaingia Lukuga, na Lukuga inaimwaga Lualaba. Lualaba inakwenda kaskazini, inapita maporomoko ya Boyoma karibu na Kisangani, na kuanzia hapo mto unaitwa Kongo. Unapinda magharibi, unapita Kinshasa, unateremka kwenye maporomoko mengine marefu, na mwishowe unaingia Bahari ya Atlantiki. Pale mdomoni, ukingo wa kaskazini ni Kongo na ukingo wa kusini ni Angola. Mji ulioko upande wa Angola ni Soyo. Mabaharia wa Kireno wakiongozwa na Diogo Cão walifika kwenye mdomo huo mwaka 1482, na hadi leo Kireno ndiyo lugha ya shule na ofisi za Soyo, ingawa nyumbani wengi huzungumza Kikongo.

Je, chupa ya kweli ingefika? Uwezekano ni mdogo sana. Ya kioo ingepasuka kwenye mawe ya maporomoko, na ya plastiki ingenaswa kwenye magugu ya kingo. Na Lukuga yenyewe haikuwa wazi siku zote: Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta mlango umezibwa na mchanga na mafunjo, na ulizibuka miaka michache baadaye maji ya ziwa yalipojaa. Lakini hadithi ya kusomea lugha haihitaji jambo linalotokea kila siku. Inatosha kwamba njia ipo, na msomaji anaweza kuifuata kwenye ramani kwa kidole.

Maneno ya kujua kabla ya kuanza

Hadithi inaitwa "A garrafa", yaani "Chupa". Neno hilo nalitoa mapema kwa makusudi, kwa sababu linajirudia mara 5, na ukilijua tangu mwanzo umeshapunguza mzigo mkubwa.

Aliyefuata sura zilizotangulia atakutana na maneno mapya mawili tu baada ya hapo: "rede", linalotokea mara 2, na "correios", linalotokea mara 1. Hiyo ni mara 3 katika maneno 149, yaani asilimia 2. Sikuifikia hesabu hiyo kwa kubahatisha. Mwaka 2000 watafiti Marcella Hu na Paul Nation walionyesha kwamba wasomaji wengi huhitaji kujua takribani maneno 98 katika kila 100 ndipo waelewe hadithi bila kuomba msaada. Idadi ikishuka hadi 90, msomaji bado anaona anasoma, lakini kwa kweli anabahatisha. Wewe mwenyewe unaweza kupima: soma ukurasa wowote wa Kireno, pigia mstari kila neno usilolijua, kisha hesabu. Ukipata mistari 10 katika maneno 100, kitabu hicho kiweke rafuni kwa sasa.

Sitakupa maana ya "rede" wala "correios". Soma kwanza.

Hadithi

*A garrafa*

O João é pescador. Ele mora no Soyo, em Angola. A casa dele é pequena. O barco dele é velho.

Hoje o João está cansado. O mar está calmo. Ele puxa a rede. Na rede há três peixes e uma garrafa.

A garrafa é verde. O João abre a garrafa. Dentro há um papel. O papel está seco.

O João leva o papel para casa. A filha dele, a Ana, está em casa. O papel está na mesa e a Ana lê:

«Bom dia! Eu sou a Neema. Moro em Kasanga, na Tanzânia. O meu pai também é pescador. O nosso lago é grande. Estudo português. Onde está a minha garrafa?»

A Ana escreve: «Bom dia, Neema! A tua garrafa está aqui, na nossa mesa. O meu pai está contente.»

O João ri.

— Ana, o rio não volta!

A Ana também ri.

— Eu sei, pai. Amanhã vou aos correios.

Kusoma kwa mara ya kwanza

Soma mpaka mwisho bila kusimama, kwa sauti. Usifungue kamusi. Ukimaliza, eleza kwa Kiswahili yaliyotokea, kwa sentensi tatu au nne tu. Kama umeelewa kwamba João wa Soyo amevua chupa ya kijani, kwamba binti yake Ana ameisoma barua ya Neema wa Kasanga na kuandika jibu, na kwamba baba amecheka kwa sababu mto haurudi ulikotoka, basi umeisoma hadithi. Mengine ni ya kunoa.

Sasa "rede". Mvuvi anaivuta, na ndani yake mna samaki watatu na chupa. Anayekula migebuka ya Kasanga hahitaji kuambiwa kitu hicho ni wavu. "Correios" nayo inajieleza: mto haurudi, barua imeshaandikwa, na kesho Ana anakwenda mahali fulani ili jibu lifike Kasanga. Ni posta. Neno ulilolipata mwenyewe kwa kufuata hadithi hukaa kichwani kuliko lile ulilopewa kwenye orodha.

Kuhusu matamshi, mambo manne yanatosha kwa leo. Herufi h mwanzoni mwa neno haitamkwi, kwa hiyo "há" husomwa "a". Lh katika "filha" hutamkwa ly, yaani "filya". Ch na x zote husikika kama sh katika maneno mengi, ndiyo maana "peixe" ni "peishe" na "puxa" ni "pusha". Na ão ya "João" au "não" ni "au" inayopitia puani. Kuhusu s ya mwisho wa neno, mtu wa Lisboni huitamka kama sh na Wabrazili wengi huiacha s. Msomi wa Luanda au Maputo hufuata zaidi mtindo wa Ureno, lakini hamezi irabu kama mtu wa Lisboni, na hilo linamsaidia Mswahili, aliyezoea kila irabu isikike.

"Na" isiyokuwa "na"

Kosa la kwanza ninaloliona kwa wanaoanza ni kwenye sentensi ya "Na rede há três peixes". Jicho la Mswahili linaona "na" likasoma "pamoja na". Matokeo yake, msomaji anafikiri João amevuta nyavu mbili, au anapotea kabisa.

"Na" ya Kireno ni mchanganyiko wa "em", yaani katika, na "a", kitambulisho cha nomino za kike. Kwa hiyo "na rede" ni "katika ule wavu", au kwa Kiswahili safi, wavuni. "Na mesa" ni mezani. "Na Tanzânia" ni Tanzania, mahali. Nomino ikiwa ya kiume, "em" huungana na "o" na kuwa "no": ndiyo "no Soyo". Kanuni ya haraka ni hii: ukiona "na" au "no" katika Kireno, jaribu kutia -ni mwishoni mwa nomino ya Kiswahili. Ikikubali, umeelewa.

Basi "na" ya Kiswahili kwa Kireno ni nini? Ni "e", bila alama juu. "Três peixes e uma garrafa", samaki watatu na chupa moja. Na hapa pana mtego wa pili, kwa sababu "é" yenye alama juu ni neno jingine, maana yake "ni". Ukiandika "O barco e velho" umeandika "Mtumbwi na mzee". Alama ile ndogo si pambo, na katika barua ya kikazi kuiacha ni kosa kama kuacha herufi.

"É" na "está"

Hili ndilo jambo ambalo wanafunzi wa Kireno kote duniani hulalamikia zaidi. Lugha hii ina vitenzi viwili, "ser" na "estar", pale ambapo lugha nyingi zina kimoja. Katika hadithi yetu "é" imetokea mara 6 na "está" mara 8. Vitabu vingi hufundisha kwamba "é" ni ya hali ya kudumu na "está" ni ya hali ya muda. Kanuni hiyo inavuja. Aliyekufa, kwa Kireno, "está morto", na hakuna hali inayodumu kuliko hiyo.

Mswahili ana njia yake, na ni bora. Tazama sentensi za hadithi upande kwa upande na Kiswahili chake. "O João é pescador", João ni mvuvi. "A garrafa é verde", chupa ni ya kijani. "O nosso lago é grande", ziwa letu ni kubwa. Kote tumesema "ni".

Sasa hizi. "O João está cansado", João amechoka. "O mar está calmo", bahari imetulia. "O papel está seco", karatasi imekauka. "O meu pai está contente", baba yangu amefurahi. Kote tumetumia -me-, yaani tumesema hali ambayo kitu kimeifikia. Na hizi: "A Ana está em casa", Ana yuko nyumbani. "A tua garrafa está aqui", chupa yako iko hapa. Kote tumetumia -ko.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, sema sentensi yako kwa Kiswahili kwanza. Ikija "ni", andika "é". Ikija -me- ya hali, au -ko, -po, -mo, andika "está". Maiti iliyowashinda walimu wa kanuni ya muda haitushindi sisi, maana Mswahili husema "amekufa".

Njia hii ina mipaka, na ni vizuri kuijua mapema. Kwanza, mtu aliyeoa au kuolewa kwa kawaida husemwa "é casado" au "é casada", ingawa sisi tunasema ameoa au ameolewa. Pili, sisi husema "ni mgonjwa", lakini Kireno ni "está doente". Hapo tumia "anaumwa" kichwani na utakumbuka kwamba ni hali aliyo nayo sasa. Tatu, mahali pasipohama, kama mji au jengo, huchukua kitenzi kingine: "Sumbawanga fica na Tanzânia". Chupa huhama, kwa hiyo "está". Mji hauhami, kwa hiyo "fica".

Mwenye mali na mali yenyewe

Kireno kina jinsia mbili za nomino, ya kike na ya kiume, na kivumishi hufuata nomino yake. Aliyekulia kwenye ngeli haoni ajabu. Tunasema nyumba ndogo, mtumbwi mdogo, kisu kidogo, bila kufikiri. Kireno nacho husema "casa pequena" na "barco velho", na mara nyingi nomino inayoishia -a ni ya kike na inayoishia -o ni ya kiume. Zisizoishia hivyo, kama "rede" na "papel", zikariri pamoja na kitambulisho chake: "a rede", "o papel".

Ugumu uko kwa mwenye mali. Neema, ambaye ni msichana, ameandika "o meu pai" na "a minha garrafa". Wanafunzi huuliza: mbona msichana mmoja anatumia "meu" hapa na "minha" pale? Jibu ni lile lile la Kiswahili. Tunasema kitabu changu na kalamu yangu, na kinachobadilika ni kitabu na kalamu, si msemaji. "Pai" ni ya kiume, kwa hiyo "meu". "Garrafa" ni ya kike, kwa hiyo "minha". Awe Neema au João anayesema, haibadiliki. Ndivyo ilivyo kwa "tua garrafa", chupa yako, na "nossa mesa", meza yetu.

Lakini "dele" inakwenda kinyume. "A casa dele", nyumba yake, "o barco dele", mtumbwi wake. Hapa nyumba na mtumbwi havina athari. Kinachotazamwa ni mwenyewe: akiwa mwanamume ni "dele", akiwa mwanamke ni "dela". Kiswahili hakitofautishi "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume, na hivyo hapa ndipo Waswahili huchanganya kwa urahisi. Ukisema "a casa dele" ukimaanisha nyumba ya mama yako, msikilizaji wa Luanda hatasema umekosea sarufi. Ataamini nyumba ni ya mwanamume fulani, na mazungumzo yataendelea bila yeyote kugundua.

Mtu yuko mkiani

Sasa rudi kwenye barua ya Neema. Ameanza na "Eu sou a Neema", kisha akaendelea "Moro em Kasanga" na "Estudo português". "Eu", yaani mimi, limepotea. Halikusahaulika. Katika "ninaishi" mtu tunamjua kwa ni- iliyo mwanzoni, kwa hiyo hatuna haja ya kusema "mimi ninaishi" kila mara. Kireno nacho kinamtaja mtu ndani ya kitenzi, isipokuwa kinamweka mwishoni. "Moro", ninaishi. "Mora", anaishi. Kichwa cha neno ni kile kile, na kinachobadilika ni mkia.

Hili lina matokeo ya moja kwa moja kwenye usikilizaji. Mswahili ametega sikio lake mwanzoni mwa kitenzi, maana ndiko habari ya mtendaji iliko, na ikishapita analegeza. Akisikiliza Kireno kwa mazoea hayo atajua kwamba kuna mtu anaishi mahali, lakini hatajua ni nani. Zoezi la kurekebisha ni kusoma barua ya Neema kwa sauti, ukikazia silabi ya mwisho ya kila kitenzi kuliko inavyostahili. Ukishazoea kuisikia, acha kukazia.

Vitenzi vichache havifuati utaratibu. "Sou" na "é" havifanani hata kidogo, ingawa vyote ni "ser". "Sei" ya Ana, yaani najua, inatoka "saber", na "vou", ninakwenda, inatoka "ir". Hivyo vinakaririwa. Ndivyo vinavyotumika zaidi kila siku, na kwa sababu hiyo hiyo huzoeleka haraka.

Jambo la mwisho katika barua hizi ni "tua". Ana anamjibu Neema kwa "tu", wewe wa rafiki na rika. Angola, Msumbiji na Ureno hutofautisha "tu" na namna za heshima kama "o senhor" na "a senhora". Kitabu cha Kibrazili kingeandika "sua garrafa", na si kosa. Ila kama unajifunza ili ufanye kazi na watu wa Tete au Luanda, anza na mtindo wa kwao, na usimwambie mtu mzima "tu" siku ya kwanza.

Zoezi: mpe Neema mtumbwi

Chukua sehemu ya kwanza ya hadithi na umtoe João, umweke Neema. Yeye sasa ndiye mvuvi, na anaishi Kasanga. Fanya mwenyewe kwanza, kisha linganisha na hii:

A Neema é pescadora. Ela mora em Kasanga, na Tanzânia. A casa dela é pequena. O barco dela é velho. Hoje a Neema está cansada. O lago está calmo. Ela puxa a rede.

Angalia yaliyobadilika. "O" ya mbele ya jina imekuwa "a", "ele" imekuwa "ela", "dele" imekuwa "dela", "pescador" imekuwa "pescadora" na "cansado" imekuwa "cansada". Yote hayo yanamhusu Neema. Angalia pia yasiyobadilika: "pequena" imebaki, maana inafuata "casa", na "velho" imebaki, maana inafuata "barco". Ukiwa umeandika "o barco dela é velha", umemfuata mwenye mtumbwi badala ya mtumbwi. Rudia sehemu ya mwenye mali kabla ya kuendelea. Ukiwa umeandika "a Neema é cansada", rudia sehemu ya "é" na "está", na useme sentensi kwa Kiswahili kwanza.

Hadithi hii haina wakati uliopita hata mahali pamoja, na imeachwa hivyo kwa sababu Kireno kina nyakati zilizopita mbili ambazo mvuvi angezihitaji zote: moja ya tendo lililokwisha, "abriu", alifungua, na moja ya hali iliyokuwa ikiendelea, "morava", alikuwa akiishi. Kuzianzisha pamoja na jinsia, mwenye mali na "está" ni kumzamisha msomaji. Sura ya nane itaichukua hadithi hii hii, kwa watu wale wale na chupa ile ile, na kuihamishia jana. Usiifungue mpaka uweze kuandika jibu la Neema kwa Ana, sentensi tano, bila kutazama ukurasa huu. Ukikwama kwenye sentensi ya tatu, rudi kwenye hadithi, maana maneno yote unayoyahitaji yamo humo.